Sababu ya Karibu na Chanzo cha Mbali: Namna ya Kuandika Kisa cha Kifo cha Mama Mzazi

Kila kifo cha mama mzazi hudai maandishi mawili. La kwanza ni cheti cha sababu ya kifo, ambacho hujazwa na daktari. La pili ni insha fupi inayosomwa katika kikao cha mapitio ya kifo, ikieleza jinsi mambo yalivyokwenda hadi mama akapotea. Katika miaka yangu ya kuhudumia wazazi nimesoma insha nyingi za namna hiyo, na kasoro niliyokutana nayo mara kwa mara ni moja: mwandishi hushika sababu moja, akaibebesha kifo kizima, kisha akafunga jalada.

Tuchukue mfano. Mgonjwa huyu nimemtunga kwa ajili ya makala haya, lakini mkunga yeyote atamtambua. Ni mama wa miaka 31, uzazi wa tano. Kadi ya kliniki inaonyesha kwamba alihudhuria mara mbili. Katika wiki ya 28 wekundu wa damu ulikuwa gramu 7.8 kwa desilita, ilhali kwa mjamzito haupaswi kushuka chini ya 11. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, wala hakupimwa tena. Uchungu ulimwanza saa 4 usiku, akafika kituo cha afya saa 11 alfajiri. Alijifungua salama saa 12:20 asubuhi, akachomwa sindano ya oksitosini yuniti 10, na kondo la nyuma likatoka zima. Saa 12:50 mkunga aliona vitambaa vimelowa na mfuko wa uzazi ni laini. Aliukanda, akarudia dawa, akafungua mshipa wa maji. Saa 1:10 aliita gari la wagonjwa; likafika saa 2:05. Hospitalini alipokelewa saa 2:50. Damu ya kundi lake haikuwapo, na ndugu walikuwa wakitolewa damu alipofariki saa 3:40.

Mwandishi wa kwanza aliandika hivi: “Mama alifariki kwa sababu moyo ulisimama.” Hilo ni kweli kwa kila maiti, na kwa hiyo halielezi kitu. Moyo kusimama ni namna ya kufa. Si sababu ya kufa. Mwandishi wa pili aliandika: “Mama alifariki kwa sababu alichelewa kuja kituoni.” Sentensi hii inaelekea kuwa na maana, na ndugu wataikubali kwa huzuni. Lakini hebu tuipime kwa saa. Mama alifika saa 1 na dakika 20 kabla ya kujifungua, na damu ilianza kumtoka mbele ya mkunga. Angefika saa 5 usiku, mfuko wake ungeweza kulegea vilevile. Kwa hiyo kuchelewa nyumbani hakukuanzisha kutoka damu. Sababu iliyo nyepesi kusemwa, tena inayomtwika lawama marehemu asiyeweza kujitetea, imeanguka kwa kuulizwa swali moja tu la wakati.

Sasa tujaze cheti. Fomu ya kimataifa ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza husomwa kutoka juu kwenda chini kama mnyororo: mstari wa juu ni sababu ya karibu, na kila mstari unaofuata hueleza kilichozaa ule ulio juu yake. Mstari wa chini kabisa ndio chanzo cha msingi. Kwa mama huyu mstari wa juu ni mshtuko wa kupungukiwa damu mwilini. Mstari wa chini yake ni kutoka damu nyingi baada ya kujifungua kwa sababu mfuko wa uzazi haukunywea. Kila mstari huandikiwa muda uliopita tangu tatizo lianze hadi kifo. Ukiona mstari wa chini una muda mfupi kuliko wa juu, ujue mnyororo umepinduliwa. Sehemu ya pili ni ya hali zilizochangia bila kuwa pete za mnyororo wenyewe. Hapo ndipo tunapoandika upungufu wa damu wa wakati wa ujauzito. Haukuulegeza mfuko, bali ulimwondolea mama akiba: kiasi cha damu ambacho mwenzake mwenye wekundu wa gramu 12 angekistahimili, yeye hakukiweza.

Cheti huishia kwenye ugonjwa. Gari, jokofu na benki ya damu havina mstari humo. Mahali pake ni insha ya mapitio. Huko ndiko inakofaa kukumbuka ucheleweshaji wa aina tatu uliobainishwa na Thaddeus na Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kuifikia, na kuchelewa kuipata baada ya kufika. Kwa mama huyu wa kwanza haukuamua jambo. Wa pili ulichukua saa 1 na dakika 40, tangu gari lilipoitwa hadi alipopokelewa. Wa tatu ulichukua dakika 50 za kusubiri damu. Hakuna hata mmoja ulioanzisha tatizo. Kila mmoja ulilizuia lisitatuliwe. Tofauti hiyo lazima ionekane katika vitenzi vyetu. “Kusababisha” ni kuzaa tukio. “Kuchangia” ni kuliongezea nguvu. “Kufuatia” ni kuja baada yake tu. Anayeandika “kifo kilifuatia sindano” huku akimfanya msomaji aelewe “sindano iliua” ameacha vitenzi vimsemee asichokithibitisha.

Jambo gumu zaidi ni jokofu. Daftari la kituo linaonyesha kwamba umeme ulikatika kwa siku 9 kabla ya uzazi huo, na oksitosini huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Je, dawa ilikuwa imepungua nguvu? Huenda. Lakini mfuko wa uzazi uliobeba mimba nyingi unaweza kugoma hata kwa dawa iliyo nzima. Kabla ya kuandika “dawa iliharibika”, mwandishi anapaswa kutazama kumbukumbu za joto la jokofu na daftari la wazazi wa siku hizo 9: je, walioongezewa dozi waliongezeka kuliko kawaida? Kama waliongezeka, jokofu linastahili kuandikwa kuwa limechangia. Kama sivyo, libaki kwenye insha kama swali, na fundi aitwe hata hivyo.

Turudi nyuma hadi wapi? Ukizidi kuuliza “kwa nini” utafika kwenye umaskini, na hapo kikao kitatikisa kichwa na kutawanyika. Mimi husimama mahali ambapo ushahidi wa jalada unaishia na ambapo yupo mtu anayeweza kubadilisha jambo. Katika kisa hiki mahali hapo ni pa kwanza kabisa: wiki ya 28, kwenye meza ya kliniki, wekundu wa damu ulipoandikwa kwenye kadi bila tarehe ya kupimwa tena. Kulikuwa na majuma mengi ya kutafuta malaria na minyoo, ya kuuliza kama vidonge vinamezwa, na ya kumpangia mama huyu kujifungulia mahali penye damu.

Nawe mama unayesoma haya ukiwa na kadi mkononi, tazama namba ya wekundu wa damu. Ikiwa iko chini ya 11, muulize muuguzi: nitapimwa tena lini?