Nguvu Zetu, au Bahati ya Soko?

Katika vikao vya kupanga mikakati, jedwali la SWOT huchorwa upesi: nguvu na udhaifu juu, fursa na vitisho chini. Kisha mtu anasema, "Soko letu ni kubwa, andikeni kwenye nguvu." Katibu anaandika. Kikao kikiisha, safu ya nguvu imejaa mambo ambayo kampuni haiyamiliki wala haiwezi kuyabadili.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: nguvu na udhaifu vimo ndani ya kampuni, fursa na vitisho viko nje. Ugumu huja pale sentensi moja inapobeba mambo mawili. Tuijaribu kwa M-Pesa, tukijifanya tunalijazia jedwali Safaricom mwanzoni mwa 2007, kabla huduma hiyo haijazinduliwa mwezi Machi.

Jambo la kwanza: Wakenya wengi hawana akaunti ya benki, na aliyeko Nairobi akitaka kutuma fedha kijijini humkabidhi dereva wa basi au jamaa anayesafiri. Jiulize: Safaricom ikifungwa kesho, hali hii itabaki? Itabaki. Basi ni fursa, na Celtel, mshindani wa siku hizo, anaiona vilevile. Hapo ndipo wengi hujidanganya, kwa sababu jambo zuri linalowafaa huliita nguvu yao. Uzuri hautoshi. Kinachoamua safu ni mahali jambo lilipo.

Sasa gumu kidogo. Mwaka 2005 yalifanyika majaribio pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu, lakini baadhi yao wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Mjumbe wa kikao anapendekeza iandikwe: "Majaribio yameonyesha kuwa watu wanataka kutumiana fedha kwa simu." Iende wapi? Kata sentensi mara mbili. Hamu ya watu iko nje, nayo ni fursa. Kuijua hamu hiyo mapema, pamoja na mfumo uliokwisha kujaribiwa na wateja halisi, kuko ndani, na ni nguvu. Ukizichanganya utadhani hamu ya watu inakulinda dhidi ya mshindani, kumbe inamkaribisha.

Kibali cha Benki Kuu nacho huwatatiza watu, maana barua yake imo kwenye kabati la kampuni. Lakini aliyeiandika ndiye anayeweza kubadili msimamo. Utayari wa mdhibiti kuiacha huduma ianze ni fursa.

Mtego mkubwa zaidi ni mawakala. Safaricom ilikuwa na wauzaji wa vocha nchi nzima, na wengine wakageuka kuwa mawakala wa M-Pesa. Ukiuliza katika kikao chochote, mtandao huo utaandikwa kwenye nguvu bila ubishi. Lakini wakala si mwajiriwa. Duka ni lake, floti ni fedha yake, na akiona faida imepungua anaweza kuacha. Kilicho cha kampuni ni mikataba, mafunzo, usimamizi na kamisheni inayomfanya wakala abaki. Hivyo ndivyo viandikwe. Kwa miaka mingi mkataba ulikuwa na kipengele kilichomzuia wakala wa M-Pesa kuhudumia mtandao mwingine, na hicho kilikuwa nguvu hasa.

Airtel ikalalamika, na mwaka 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ikaamuru mawakala wafunguliwe kwa mitandao yote. Amri hiyo haikupunguza duka hata moja. Aliyekuwa ameandika "mawakala wengi" tu asingeona kilichobadilika, lakini aliyeandika "mawakala waliofungwa kwa mkataba" angejua mara moja mstari wa kufuta. Kabla ya hapo, malalamiko ya mshindani yalistahili kukaa kwenye vitisho vya Safaricom. Kwenye jedwali la Airtel, tukio lilelile ni fursa.

Mtego mwingine ni mdogo ila umeenea: kuandika "kuongeza mawakala vijijini" chini ya fursa. Huo ni mpango. Fursa ni hali ya vijijini inayoufanya mpango huo uwe na maana. Ukiona mtendaji wa kitenzi ni kampuni yenyewe, umeshatoka kwenye uchambuzi.

Limebaki jina. M-Pesa ikajulikana Kenya nzima kama kitu cha Safaricom, lakini chapa hiyo ilikuwa ya Vodafone, na Safaricom ilikuwa ikilipa ili kuitumia. Imani ya wateja kwa Safaricom ilikuwa nguvu. Kutegemea chapa ya mwingine kulikuwa udhaifu, ingawa mwenye chapa alikuwa nje. Udhaifu huo ulitoka kwenye jedwali mwaka 2020, Safaricom na Vodacom walipoinunua chapa hiyo kwa pamoja.