Gari Lililopangwa na Gari Lililochukuliwa

Jumatatu, Oktoba 26, 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa kupangia magari kazi. Alasiri ya siku iliyofuata, wafanyakazi walikuwa wamelazimika kurudia sehemu ya utaratibu wa zamani. Tume iliyotoa ripoti yake Februari 1993 ilitaja sababu nyingi. Mojawapo ni kwamba wahudumu wa magari hawakushirikishwa vya kutosha wakati mahitaji ya mfumo yalipokuwa yakiandikwa.

Tume iligundua, kwa mfano, kwamba wahudumu wakati mwingine waliondoka na gari jingine, si lile walilopangiwa. Kompyuta nayo ilihitaji kujua bila kukosea kila gari liko wapi na linafanya nini.

Jambo kama hili hukusanywaje? Mahojiano pekee hayatoshi, kwa sababu ukimuuliza mkuu wa kituo atakueleza kanuni ilivyo: kila kikosi na gari lake. Warsha inayowaweta meza moja dereva, mpokea simu na mkuu wao huenda ikalifichua, ilimradi dereva asiogope kusema mbele ya bosi. Njia ya uhakika ni mchambuzi kwenda mwenyewe kituoni wakati wa kubadilishana zamu, asimame kando, na aandike nani kapanda gari gani. Kisha amuulize dereva, "Mbona umechukua hili?" Jibu la swali hilo ndilo hitaji lenyewe.

Baada ya hapo hitaji huingizwa kwenye jedwali la ufuatiliaji. Tuchukulie mstari mmoja. Safu ya kwanza ina namba, H-07. Ya pili inasema: "Kikosi kiweze kubadili gari, na kituo kikuu kione badiliko hilo kabla ya kutoa kazi nyingine." Ya tatu inataja chanzo: uchunguzi kituoni, zamu ya asubuhi, pamoja na tarehe. Ya nne inaonyesha sehemu ya mfumo inayotimiza hitaji hilo, na ya tano jaribio: kikosi kibadili gari, kisha itazamwe kama skrini ya kituo kikuu inaonyesha gari sahihi.

Jedwali husomwa kwa kutafuta mapengo. Hitaji lisilo na jaribio halijathibitishwa. Sehemu ya mfumo isiyo na hitaji imejengwa bila kuombwa. Chanzo kikiwa ni "kikao" tu, hakuna wa kumrudia siku hitaji likizua ubishi. Lakini hitaji ambalo halikukusanywa halina mstari, kwa hiyo jedwali linaweza kuonekana limekamilika huku gari lililobadilishwa halimo kabisa.

London ilipata mfumo mwingine mwaka 1996. Safari hii ulijengwa hatua kwa hatua, na wafanyakazi watakaoutumia wakashirikishwa.