Swali la Fedha Zilizopotea

Kwenye usaili wa kazi ya matangazo ya kulipia, swali zito ni hili: uliwahi kupoteza vipi fedha za mteja? Jibu kwa hesabu. Tuseme tangazo la viatu la Facebook lilitumia shilingi 600,000, likaleta meseji 300 na wanunuzi 20. Meseji moja imegharimu 2,000, unaona nafuu. Lakini mnunuzi mmoja amegharimu 30,000, wakati faida ya jozi, kabla ya gharama ya tangazo, ni 25,000. Eleza chanzo: bei haikuonyeshwa, watu wakauliza na kuondoka. Ukiulizwa mbona hukusimamisha mapema, taja kikomo unachotumia sasa: kila 100,000 ikiisha unahesabu wanunuzi, na wakiwa chini ya 4, tangazo linasimama.