Gunia la zamani litoke kwanza

Tuseme mkahawa wa pilau unapika kilo 12 za mchele kwa siku, na muuzaji huleta mzigo kila baada ya siku 7. Kwa wiki zitaliwa kilo 84. Ongeza akiba ya siku 2, kilo 24, kwa sababu lori huchelewa na wageni hawapigi hodi. Jumla ni kilo 108, na hicho ndicho kiwango cha stoo. Asubuhi ya mzigo ukihesabu na kukuta kilo 33, pokea 75, yaani magunia 3 ya kilo 25. Ramadhani ikiingia, hesabu hiyo ifanywe upya.

Kupanga ndiko kunakoshinda wengi. Kila gunia liandikwe tarehe lilipoingia. Ya zamani yavutwe mbele, mapya yapite nyuma. Wapakuzi wakiwa na haraka hutupia mapya mbele, na utajua siku utakapokuta fukusi katika gunia la ukutani.

Chumba cha baridi hakina subira hiyo. Samaki mbichi, hata akizikwa kwenye barafu, kiwango chake kisizidi matumizi ya siku 2. Kwa maziwa na mtindi, usitazame siku vilipoingia bali tarehe ya mwisho iliyopigwa kwenye pakiti, maana mzigo wa leo waweza kuharibika kabla ya ule wa juzi. Hapo wa leo ndio utangulie.