Matokeo au tarehe ya mahafali ikija baada ya kutuma ombi la kazi

Wakazi wengi wanaomaliza masomo Maseno, JOOUST kule Bondo au Kisumu Polytechnic huomba kazi kabla ya kushika cheti. Hakuna kosa hapo, mradi ombi liseme hali ilivyo. Shida huanza matokeo yanapotoka na mwombaji akanyamaza, akidhani ataeleza siku ya mahojiano.

Kumaliza masomo na kufuzu ni mambo mawili. Mtihani wa mwisho ukiisha, alama huhitaji kuidhinishwa na seneti ya chuo, kisha jina huingia kwenye orodha ya wanaofuzu. Barua ya kukamilisha masomo inaonyesha tu ulipofikia. Haiwi shahada.

Chukua mfano wa mwombaji wa Ahero aliyetuma ombi Oktoba 10, akaandika kwamba anasubiri mahafali ya Novemba. Tangazo lilifungwa Oktoba 21. Baadaye chuo kikasogeza mahafali hadi Desemba 12. Anachotakiwa kufanya ni kuandika siku hiyo hiyo, kwa anwani ile ile aliyotumia kutuma ombi, akiweka juu nambari ya tangazo, nafasi na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Maneno machache yanatosha:

"Katika ombi langu la Oktoba 10 nilieleza kwamba nitafuzu Novemba. Chuo kimesogeza mahafali hadi Desemba 12. Naambatisha barua ya chuo. Mengine katika ombi hayajabadilika."

Sentensi ya kwanza ndiyo muhimu. Bila kutaja kilichoandikwa awali, karani hawezi kujua ni kipi kinachosahihishwa, na barua inaweza kukaa mbali na faili husika. Kutuma ombi jipya zima pia si busara, kwa sababu faili mbili zenye tarehe tofauti huzua maswali. Wanaopeleka karatasi kwa mkono waombe nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa.

Barua hiyo ina mipaka yake. Ikiwa tangazo lilitaka mwombaji awe na cheti kufikia tarehe ya kufungwa, cheti cha Desemba hakimfanyi kuwa alikuwa nacho Oktoba. Bodi ikimkubali yeye, itakuwa imemwonea aliyesoma tangazo lile lile akaacha kuomba. Lakini pale tangazo linaporuhusu wanaosubiri kufuzu, taarifa mpya hukamilisha faili.

Wengine huficha habari mbaya: somo la kurudia, au daraja la chini kuliko walilotarajia. Mwajiri anaweza kuuliza chuo moja kwa moja, na vyeti asilia huitishwa siku ya mahojiano. Anayerudia somo aandike jina la somo na tarehe ya mtihani. Huenda akakosa nafasi hiyo, ila faili yake haitakuwa na maelezo ya uongo.

Mahojiano yakifika kabla ya jibu, abebe nakala ya barua aliyotuma pamoja na vyeti vyake.