Anakoroma, Lakini Hapumui

Mkufunzi wa huduma ya kwanza akipewa nusu saa na wafanyakazi wa ghala, aanze na sauti. Mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla huweza kukoroma au kuachama na kuvuta pumzi moja nzito, kisha akanyamaza. Walio karibu husema, "Bado anapumua," wakampepea na kusubiri. Huko si kupumua. Ni dalili ya ubongo unaokosa damu, na huenda ikaendelea kwa dakika kadhaa huku nafasi ya kumwokoa ikipotea.

Tuseme mpakiaji ameanguka kando ya mizani. Mwenzake anampiga mabegani na kumwita kwa nguvu, haitiki. Anamtazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10, anasikia mkoromo mmoja tu. Inatosha. Mmoja anapiga simu ya dharura na kuiweka kwenye spika, wa pili anakimbilia mashine ya kushtua moyo, wa tatu anapiga magoti.

Huyu wa tatu anaweka kiganja katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na mkono wa pili juu yake. Viwiko vinyooke, uzito wa mwili ndio ufanye kazi. Kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara kiachwe kipande chote, maana moyo hujaa damu kinapopanda. Mbavu zinaweza kulia na hata kuvunjika; asiache. Baada ya dakika 2 ampishe mwenzake, kwa sababu mtu akichoka hubonyeza juujuu bila kujua.

Mashine ikifika, iwashwe mara moja, nayo itatoa maelekezo kwa sauti. Kubonyeza kuendelee wakati mwingine anavua shati na kufuta jasho, kwani vibandiko havishiki kwenye ngozi yenye maji. Kimoja kinakaa chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Mashine inapousoma moyo, na inaposhtua, asimguse mtu. Mshtuko hufaa moyo unaotetema ovyo: huukatiza mtetemo huo ili mapigo yapate kurudi kwa mpangilio. Moyo ulionyamaza kabisa haushtuliwi, na mashine itasema hivyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakishashtua, husimama kutazama kama ameamka. Wakiambiwa hakuna mshtuko, hudhani amepona au amekufa. Katika hali zote mbili mikono irudi kifuani papo hapo, mpaka mashine isome tena baada ya dakika 2, au mgonjwa aanze kupumua sawasawa.

Mtoto, au mtu aliyezama majini, huhitaji kupuliziwa pumzi pia, na hilo lina somo lake. Kwa leo, muulize msimamizi wako mashine iko wapi na ufunguo wa kabati anao nani.