"Kifungu hiki" ni kipi?

Tuchukue mkataba wa kupanga fremu ya duka, wenye vifungu 12. Cha 4 ni kodi, cha 5 amana, cha 6 matengenezo madogo anayofanya mpangaji, cha 7 matengenezo makubwa anayofanya mwenye nyumba, na cha 11 ni namna ya kupeana notisi. Siku moja kabla ya kusaini, pande zote zinakubaliana kuupanga upya kidogo: cha 6 na cha 7 viunganishwe, na cha notisi kipandishwe kiwe cha 4. Hakuna aliyeongeza wala kupunguza hata shilingi.

Karani mzoefu haanzi na kompyuta. Anachukua karatasi, anaandika namba za zamani upande huu na mpya upande ule. Cha 11 kinakuwa cha 4, cha 4 kinakuwa cha 5, cha 5 kinakuwa cha 6. Vya 6.1 hadi 6.3 vinakuwa 7.1 hadi 7.3, na nyuma yao 7.1 na 7.2 vya zamani vinaingia kama 7.4 na 7.5. Vya 8, 9 na 10 havisogei, kwa sababu kilichoongezeka juu kimefidiwa na muungano. Cha 12 kinashuka kuwa cha 11.

Sasa kuna sentensi zinazotaja namba hizo humo humo mkatabani. Mwenye haraka atamwambia mashine ibadilishe kila "kifungu cha 4" kiwe "cha 5", kisha "cha 5" kiwe "cha 6", kisha "cha 6" kiwe "cha 7". Akimaliza, kodi na amana zote zimehamia kwenye matengenezo, kwa kuwa kila hatua imeokota pia kilichobadilishwa hatua iliyopita. Na akitafuta "kifungu cha 1" ataikamata "kifungu cha 11" vilevile. Dawa ni kupita mara mbili: kwanza kila namba ya zamani igeuzwe alama ya muda isiyofanana na chochote, mfano @KODI@ au @NOTISI@, halafu alama ndizo zigeuzwe namba mpya. Kila moja itazamwe kwa jicho kabla ya kukubaliwa, maana "kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba", kinachoeleza nani ana uwezo wa kuingia mkataba, si chetu na hakiguswi.

Hayo ndiyo mepesi. Kwa maoni yangu, hatari kubwa iko kwenye rejeo linaloonekana halina kasoro. Mkataba wa zamani ulisema mpangaji hatalipa kodi kwa siku ambazo fremu haitumiki kwa sababu "kifungu cha 7" hakikutimizwa. Cha 7 bado kipo, namba ni ile ile, jicho linapita. Ila sasa kimebeba na matengenezo madogo, kwa hiyo mpangaji aliyeshindwa kubadilisha kitasa chake mwenyewe anaweza kudai msamaha wa kodi. Panapaswa kusomeka "vifungu vya 7.4 na 7.5".

Baya zaidi ni pasipo na namba kabisa. Ndani ya cha 7 cha zamani palikuwa na maneno "gharama zote chini ya kifungu hiki zitabebwa na mwenye nyumba". Baada ya muungano, "kifungu hiki" kimevimba, na mwenye nyumba amejikuta analipia balbu. Hakuna utafutaji wa namba utakaoliona hilo. Itabidi yatafutwe maneno yenyewe: "kifungu hiki", "hapo juu", "kilichotangulia", "kifuatacho".

Vivyo hivyo na "hadi". Cha ukiukaji kilisema mpangaji akivunja "vifungu vya 4 hadi 6" anaweza kutolewa. Kwa kufuata karatasi bila kufikiri itakuwa "5 hadi 7", na wajibu wa mwenye nyumba umeingizwa kwenye makosa ya mpangaji. Sahihi ni "vifungu vya 5, 6 na 7.1 hadi 7.3".

Wanaotumia Word wana nafuu kiasi, ikiwa namba ni za kujipanga zenyewe na marejeo yaliingizwa kwa Cross-reference badala ya kuchapwa kwa mkono. Ctrl+A kisha F9 huyasasisha. Lakini kichwa cha cha 7 kikifutwa wakati wa kuunganisha, rejeo lililokishika hutoa maneno haya:

```
Error! Reference source not found.
```

Hilo angalau linapiga kelele. Rejeo lililosasishwa likaelekea kwenye kifungu kilichovimba linakaa kimya.

Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho ni wa watu wawili. Mmoja anasoma kila rejeo kwa sauti, mwingine anafungua kilipotajwa na kujibu kwa kichwa cha habari, si kwa namba: "Amana." Kisha wanaulizana kama sentensi ile ilikusudia amana. Mkataba wa kurasa kumi hauwamalizii saa nzima.

Na kama umeshasainiwa, usipange namba upya. Barua na notisi zilizokwisha kutumwa zinataja namba za zamani. Kinachoongezwa kiitwe 6A, na kilichoondolewa kiachiwe namba yake na neno "Kimefutwa".